Kifua kikuu cha uti wa mgongo: dawa zinatosha lini, na upasuaji unahitajika lini

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kina mengi, lakini leo nitakaa zaidi kwenye swali moja ambalo wagonjwa na waganga wenzangu huniuliza kila mara: mgonjwa ameanza kulegea miguu, je, apasuliwe au apewe dawa kwanza?

Ili tulijibu, tuone kwanza kinachoendelea ndani. Bakteria husafiri kwa njia ya damu, mara nyingi kutoka mapafuni, hadi sehemu ya mbele ya pingili karibu na diski, wakaanza kuula mfupa polepole. Diski yenyewe huchelewa kuharibika, tofauti na maambukizi ya bakteria wengine wa usaha ambao huimaliza mapema. Pingili mbili jirani zikishaliwa upande wa mbele, huporomoka kuelekea mbele na mgongo ukatokeza kibiongo. Usaha nao hujikusanya kando ya mfupa, jipu lisilo na joto wala wekundu. Ugonjwa ukiwa kiunoni, jipu hilo linaweza kuteremka na msuli hadi likajitokeza kwenye kinena, na mtu akadhani ni ngiri. Ukiwa kwenye mgongo wa kifua, ambako unapenda sana kukaa, mfereji wa mshipa mkuu wa fahamu ni mwembamba, kwa hiyo usaha kidogo tu unatosha kuubana. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliandika mwaka 1779 juu ya kibiongo kinachoambatana na miguu kupooza, na hadi leo ugonjwa huu unaitwa kwa jina lake.

Sasa tumchukue mama wa miaka 34, mwenye kilo 52. Mgongo umemuuma kwa miezi minne, katikati ya mabega na kiuno. Maumivu hayatulii hata akilala. Amepungua uzito, na usiku anatoka jasho. Hakohoi. Amepewa dawa za maumivu mara kadhaa, na kilichomrudisha safari hii ni kwamba anajikwaa na ndala zinamtoka miguuni bila yeye kujua.

Nawaomba mtu kama huyu avuliwe nguo ya juu na mgongo utazamwe. Pitisha kidole pingili moja baada ya nyingine. Kwa mama huyu kidole kinakutana na pingili moja iliyochomoza, na ukiigonga taratibu anaruka kwa maumivu. Miguu imekakamaa kidogo, goti likigongwa mguu unaruka kupita kiasi, na ukikwaruza unyayo kidole gumba kinainuka juu. Anaweza kuinua miguu, lakini ukiikandamiza inashindwa. Ishara hizo zinasema mshipa mkuu umebanwa juu ya kiuno. Muulize pia kuhusu haja ndogo, kwa sababu wengi huona aibu kuanza kulisema.

Eksirei ya kifua chake ni safi, na hilo lisitupumbaze: wagonjwa wengi wa mgongo hawana ugonjwa unaoonekana mapafuni. Eksirei ya mgongo inaonyesha nafasi kati ya pingili ya nane na ya tisa za kifua imepungua, na kivuli cha usaha pande zote mbili. Lakini eksirei huchelewa. Mfupa unapaswa kupoteza kama theluthi ya madini yake ndipo tofauti ionekane, kwa hiyo eksirei ya kawaida mwezi wa kwanza haiondoi shaka. MRI ndiyo inayoona mapema, na ndiyo inayoonyesha usaha umeubana mshipa kiasi gani. Ikiwezekana mgongo mzima upigwe, maana wakati mwingine kuna kidonda kingine mbali na kile kinachouma.

Picha peke yake haitoshi. Saratani iliyosambaa nayo hula pingili. Mama huyu alichomwa sindano ya kuchukua kinyama kwa kuongozwa na CT skani, na sampuli ikagawanywa: kipimo cha GeneXpert, kuotesha bakteria, na darubini ya tishu. GeneXpert ikaona bakteria wa kifua kikuu wasio sugu kwa rifampisini. Kipimo cha VVU kikawa hasi.

Akaanza dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, zilizochanganywa katika kidonge kimoja, vidonge vitatu kwa siku kwa uzito wake, pamoja na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu. Baada ya miezi miwili hubaki rifampisini na isoniazidi. Miezi sita inaweza kutosha, lakini kwenye mgongo madaktari wengi hufikisha tisa hadi 12, kwa sababu ni vigumu kujua mfupa umepona lini. Macho yakififia au ngozi ikiwa ya manjano, aje mara moja.

Je, apasuliwe? Kwa mama huyu, siyo kwanza. Majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyofanyika katika nchi kadhaa kuanzia miaka ya 1960, yalionyesha kwamba wagonjwa wengi hupona kwa dawa huku wakitembea, na kwamba kulazwa kitandani kwa miezi au kufungwa plasta hakukuongeza faida. Hata udhaifu wa miguu, ukitokana na usaha na uvimbe, mara nyingi hupungua kwa dawa.

Sharti ni kumpima. Nguvu za kila mguu ziandikwe kwa namba kutoka 0 hadi 5, kila siku mwanzoni, na mtu yuleyule apime. Mama huyu alianza na 4. Wiki ya tatu akaweza kusimama bila kushikwa, na hapo tukaendelea na dawa tu. Kama angeshuka hadi 3, au haja ndogo ingeziba, au wiki tatu hadi nne zingepita bila mabadiliko, ningempeleka kwa mpasuaji bila kusubiri. Aliyepooza ghafla au kabisa hapewi hata muda huo. Hupelekwa vilevile mwenye pingili zisizo imara, mwenye kibiongo kikubwa kinachoendelea, na yule ambaye sindano haikutoa jibu huku hali ikizidi. MRI ya mwezi wa pili yenye usaha uleule, mgonjwa akiwa anaimarika, si sababu ya upasuaji, kwani picha hubaki nyuma ya mgonjwa.

Kuna upasuaji mmoja ninaouonea wasiwasi: kukata mfupa wa nyuma peke yake ili kumpa mshipa nafasi. Ugonjwa uko mbele. Nguzo ya mbele imeshaliwa, nawe unaondoa ya nyuma iliyokuwa inashikilia. Mgongo unazidi kupinda na mgonjwa anaamka dhaifu kuliko alivyoingia. Kinachofaa ni kuusafisha mfupa uliooza, kuziba pengo kwa kipandikizi cha mfupa, na kuimarisha kwa vyuma.

Watoto wanahitaji uangalizi wa namna yake. Kwa mtoto kibiongo kinaweza kuongezeka hata baada ya bakteria kufa, kwa sababu mgongo unaendelea kukua vibaya, na miaka mingi baadaye kona ya mfupa ikaubana mshipa. Kupooza huko dawa za kifua kikuu hazikugusi. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza dawa apigwe eksirei ya ubavuni, pembe ya kibiongo ipimwe na kuandikwa, na aitwe tena kila mwaka hadi amalize kukua.