Swali Lililoachwa Wazi Si Kosa

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni. Mliokwisha kunisikia Masasi na Lindi mtanivumilia, maana hapa Mtwara nakuja na lile lile: swali lililoachwa wazi si kosa, na simu tunayoitumia kusahihisha karatasi za viduara vya kuchagua jibu kwa kuzipiga picha haijui hilo mpaka uifundishe.

Wazi likiwa sifuri na kosa sifuri, simu ikivichanganya mtoto hapotezi kitu. Ukianza kukata alama, anapoteza. Kwa machaguo manne tunakata theluthi, kwani anayebahatisha maswali manne kwa wastani hupata moja na kukosa matatu, faida yake ikaisha.

```
alama = sahihi - makosa / (machaguo - 1)
```

Jaribio letu lilikuwa na maswali 40. Binti mmoja alipata 24, akakosa 9, akaacha 7. Toa 3, ana 21. Simu ikampa 20. Akaja: "Mwalimu, haya matatu mimi sikuyajibu." Natazama karatasi, swali la 31 mpaka la 33 ni meupe kabisa! Picha niliipiga mwenyewe chini ya mkorosho, na kivuli cha majani kimelala hapo hapo.

Programu niliiambia kiduara kikizidi asilimia 30 ya weusi kimejazwa, na vikizidi vingi ichukue cheusi zaidi. Swali la 32 ilisoma A 33, B 31, C 36, D 32. Ikachukua C. Jibu ni A, basi kosa, kata.

Kiduara kipimwe na wenzake wa mstari mmoja, kwa sababu kivuli huwaangukia wote. Hapo 36 na 33 zinapishana kwa 3 tu, hakuna aliyejaza. Swali la 12 B ilikuwa 81 na anayeifuata 34. Hiyo ni penseli. Ukikuta 55 na 35, huenda mtoto amejaza kwa kuogopa, huenda amefuta nusunusu. Simu isiamue, ikuwekee karatasi kando uitazame kwa jicho. Mipaka hiyo mjipimie kwa karatasi zenu, msinakili yangu.

Kuna mtu ataniambia, "Si upige picha vizuri tu?" Haya, piga karatasi 200 saa tisa alasiri bila mkono wako kutia kivuli hata moja, halafu tuonane. Flashi nayo msiikimbilie: penseli iliyokolea hung'aa, na kiduara kilichojazwa kikaonekana cheupe.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Miraba minne ya pembeni iingie yote kwenye picha, la sivyo programu haiwezi kuinyoosha karatasi na mistari inahama. Aliyejaza viduara viwili, mimi namhesabia kosa, ila nawatangazia kabla ya mtihani. Na msikate 0.33 kila swali: makosa 9 yatakata 2.97, mtoto atapata 21.03, na mzazi atakuja kuuliza hiyo 0.03 imetoka wapi. Hesabu makosa yote kwanza, ugawe mara moja mwishoni.