Kutoka "mimi" kwenda "yeye" kwa sentensi tatu

Haya jamani karibuni, hii nusu saa tunaongelea kitu kimoja tu, ule wasifu ambao waandaaji wa kongamano wanakuomba kwa imeili usiku kwamba "tutumie sentensi tatu, nafsi ya tatu, kabla ya kesho saa nne." Wengi mnatuma ule ule wa zamani wenye "mimi" kibao.

Nina mfano wa dada mmoja, mwalimu, aliniruhusu niutumie ila jina nimeliacha, tumwite Fulani. Wake ulikuwa hivi: "Mimi ni mwalimu wa kemia na nafundisha sekondari hapa Morogoro, Tanzania. Nilimaliza shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2012 na sasa nasomea uzamili. Miaka mitatu iliyopita mimi na wenzangu wawili tulianzisha klabu ya majaribio shuleni kwetu, tunatumia siki, magadi na majivu maana maabara hatuna. Mwalimu wangu wa zamani ndiye aliyenishauri. Naamini kila mtoto anaweza sayansi. Nina watoto wawili na napenda kupika."

Sasa yeye kwa haraka akabonyeza Ctrl+H, akaambia kompyuta kila penye "ni" iweke "a". Mnacheka, lakini ngojeni. "Nilimaliza" ikawa "alimaliza", safi kabisa, na "nina watoto" ikawa "ana watoto", safi. Ila "Mimi ni mwalimu" ikawa "Mimi a mwalimu", shuleni ikawa "shulea", Tanzania ikawa "Tanzaaa", na "naamini kila mtoto" ikawa "naamia kila mtoto", yaani mwalimu wa watu amegeuka mlinzi wa shamba anafukuza ndege kwenye mpunga. Na "nafundisha" haikuguswa kabisa kwa sababu haina "ni" ndani, imebaki nafsi ya kwanza vile vile. Kwa hiyo hii kazi ni ya mkono, kitenzi kwa kitenzi, halafu unapita tena kutafuta -angu na -etu zilizojificha.

Ugumu wenyewe lakini hauko kwenye "ni", uko kwenye "tu". "Tulianzisha" ukiigeuza "alianzisha" umewafuta wale wenzake wawili, na mmoja wao huenda amekaa ukumbini anakusikiliza. Ukiandika "walianzisha" peke yake msomaji anauliza akina nani. Andika "yeye na walimu wenzake wawili walianzisha", ndefu kidogo lakini ndiyo ukweli.

Halafu kuna huyo mwalimu wa zamani. Jaribu kumgeuza: "Mwalimu wake alimshauri aanzishe klabu yake." Klabu ya nani? Hapa Kiswahili huwa kinatulinda bila sisi kujua, maana shule ni "ina", wanafunzi ni "wana", ukisema "ana" hakuna anayedhani unaongelea shule. Ulinzi huo unavunjika pale tu unapoingiza mtu mwingine mmoja, maana naye ni "a" na "-ake" vile vile. Wasifu wa sentensi tatu hauna nafasi ya watu wawili wenye "a", kwa hiyo mwalimu wa zamani anatoka, atashukuriwa jukwaani.

"Miaka mitatu iliyopita" nayo inatoka, aliandika 2024 na programu inaweza kusomwa mwakani, weka 2021. "Hapa Morogoro" iwe "mjini Morogoro", kwa sababu msomaji hayuko hapo. "Anaamini kila mtoto" mimi nimeikata, ukijisemea mwenyewe ni sawa ila akikusemea mtu mwingine inakuwa kama hotuba ya kampeni. Kupika? Mada yake ni sayansi bila maabara, siki na magadi vimeshaleta jiko lenyewe, inatosha. Watoto wabaki nyumbani.

Tukapata hivi:

"Bi. Fulani ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari mjini Morogoro, Tanzania. Mwaka 2021 yeye na walimu wenzake wawili walianzisha klabu inayofanya majaribio kwa siki, magadi na majivu, kwa kuwa shule yao haina maabara. Ana shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyoipata mwaka 2012, na kwa sasa anasomea uzamili."

Angalieni shahada ziko mwisho, nimefanya makusudi, mwenyekiti akikatisha kusoma kwa sababu muda umeisha basi kilichopotea ni vyeti, klabu imeshasikika. Na msinidanganye na zile sentensi tatu zenye "na" kumi na mbili kila moja. Usome kwa sauti, ukiishiwa pumzi katikati ya sentensi ya pili mwenyekiti naye ataishiwa, na yeye ndo mara yake ya kwanza kuiona.

Haya, toeni simu, fungueni wa kwenu, tuanze na yule mwenye "tu" nyingi zaidi.