Kurusha na kudaka: mstari mmoja wa ramani ya michezo, darasa la kwanza hadi la sita

Zawadi: Karibuni tena kipindini. Leo mimi na Mwalimu Juma tunachora ramani ya somo la michezo kwa shule nzima ya msingi. Hatutaipitia yote, tunachukua mstari mmoja tu: kurusha na kudaka. Mwalimu, unaanzia wapi?

Juma: Naanzia mwisho, dada. Mtoto akimaliza la sita awe anaweza nini? Mimi naandika hivi: kwenye netiboli, anapokea pasi akiwa mbioni, anatua bila kuburuza miguu, na ndani ya zile sekunde tatu za kushika mpira anampa mwenzake aliyemtoroka mlinzi. Kisha narudi nyuma darasa kwa darasa: ili aweze hilo, mwaka uliotangulia awe ameshaweza nini?

Zawadi: Ratiba nyingi nilizoziona zinasema "kurusha na kudaka" la pili, la tatu, hadi la tano. Maneno yale yale.

Juma: Ndiyo maana mwalimu wa la tano anajikuta anaanza upya. Ukibadilisha sentensi ya la pili na ya la tano na hakuna anayegundua, hujachora ramani. Kila darasa liandikiwe jambo ambalo jicho linaliona.

Zawadi: Kwenye kurusha, jicho linaona nini?

Juma: Angalia miguu. Anayeanza kifua chake kinatazama mbele, miguu haisogei, mkono peke yake ndio unafanya kazi. Baadaye anapiga hatua, lakini kwa mguu wa upande ule ule wa mkono unaorusha. Akikomaa, mkono wa kulia unakwenda na mguu wa kushoto. Wa mashoto ni kinyume chake. Mwishoni nyonga zinageuka kwanza, mabega yanafuata, na mkono unamalizia kwa kukatiza mwili. Kwa hiyo la kwanza naandika "anarusha kwa nguvu zake zote", la pili "anasimama ubavu na kupiga hatua kwa mguu wa kinyume", la tatu "nyonga zinatangulia mabega".

Zawadi: Na shabaha? Wengi la kwanza wanaweka ndoo na kusema lenga.

Juma: Mimi shabaha naiweka la nne. Mtoto mdogo ukimwambia alenge ndoo iliyo karibu, anarusha kwa upole, na mrusho wa upole hauhitaji hatua wala nyonga. Anajifunza kurusha kwa kiwiko. Mpe ukuta, mwambie mpira ugonge kwa kishindo, na mwili wenyewe utaanza kujizungusha. Usahihi utakuja juu ya umbo hilo.

Zawadi: Tena wanapangwa wawili wawili, mmoja arushe, mwingine adake.

Juma: La kwanza hiyo inawaumiza wote wawili. Kurusha kunataka mpira mdogo unaoenea kiganjani, hata wa makaratasi na kamba. Kudaka kunataka mkubwa, laini, unaokwenda polepole. Mtoto akirushiwa mpira mdogo kwa nguvu atageuza uso na kufumba macho, na tabia hiyo haiondoki kirahisi. Kwa hiyo kwenye ramani natenganisha. La kwanza anajirushia mpira juu na kuudaka, hata kwa kuukumbatia kifuani. La pili anadaka kwa viganja tu. La tatu ndipo wanakutana wawili.

Zawadi: La nne mimi ningeweka rede. Watoto wanaijua, na shabaha inakimbia.

Juma: Iko pale pale, ila nabadilisha sheria moja. Kwenye rede ya mtaani aliyepigwa anatoka, na anayetoka mapema ni yule yule anayehitaji mazoezi. Darasani aliyepigwa anabadilishana na mrushaji, na mpira uwe laini, urushwe chini ya kiuno. La tano ninaingiza mlinzi: watatu wanapasiana, mmoja anazuia. Hapo jambo jipya ni kuchagua nani wa kumpa, maana mkono umeshajua kazi yake.

Zawadi: Sasa mwalimu anayesikiliza ana la nne ambalo halijapitia haya yote.

Juma: Kabla hajaandika chochote, awapeleke ukutani. Kila mtoto arushe mara tatu kwa nguvu, yeye atazame mguu unaotangulia na kuweka alama. Kama wengi wanatanguliza mguu wa upande ule ule, la nne yake ianzie kwenye sentensi ya la pili, na atarajie kwenda haraka kuliko wadogo. Asiruke hatua hizo kwa sababu mashindano ya UMITASHUMTA yanakaribia. Timu ya mashindano inachukua wachache wanaoweza tayari; ramani ni ya darasa zima.

Zawadi: Wiki ijayo tunachukua mstari wa kuruka na kutua. Mwenye kiwanja cha mchanga shuleni kwake atutumie ujumbe, tunataka kujua anautunzaje wakati wa mvua.