Barua ya Maombi ya Kazi: Tunaifumua Moja na Kuishona Upya

Haya, karibuni tena. Leo sina maneno mengi ya utangulizi, barua yenyewe hii hapa mezani. Ameniletea mtazamaji mmoja, kijana anaomba kazi ya kutunza stoo, na ameniruhusu niionyeshe ilimradi nifiche jina. Ngoja nisogeze kamera... mnaona? Taa inamulika karatasi. Subirini. Sasa je? Sawa.

Aya ya kwanza nawasomea: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mbunifu na mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Naomba nafasi katika kampuni yenu tukufu ili nitoe mchango wangu katika kuleta maendeleo." Basi. Aya ya pili ni hiyohiyo imevaa koti lingine.

Anwani, tarehe, salamu na "YAH" hatuvigusi. Hivyo ni vya heshima, viko sawa, tunapita.

Sasa shika kalamu nyekundu. Kila sentensi jiulize: jirani yangu anayeomba kazi ya udereva anaweza kuweka sahihi yake chini ya maneno haya? Kama anaweza, piga mstari. "Mchapakazi", mstari. "Mwaminifu", mstari, hata mwizi huandika mwaminifu. "Kampuni yenu tukufu", mstari, tena miwili, hilo neno silipendi tu. Angalieni karatasi sasa. Imebaki kazi anayoomba na namba ya simu. Msiogope, tulitaka tuone kilicho chake ni kipi.

Hatua inayofuata ni tangazo la kazi. Usilisome lote kwa uzito mmoja. Tafuta jukumu lililotajwa kwanza, au lililorudiwa kwa maneno tofauti. Hili tangazo linasema "kuhakikisha kumbukumbu zinaoana na mzigo uliopo", halafu chini tena "kupunguza makosa ya utoaji". Maana yake kuna kitu kinawauma hapo: stoo vinatoka vitu visivyo vyenyewe. Barua nzima itajibu hilo moja. Mambo mengine yatakaa kwenye wasifu, ndiyo kazi yake.

Nikampigia simu kijana. Sikumwuliza "una sifa gani", maana angenirudishia yaleyale. Nilimwuliza: pale stoo ulipokuwa, kitu gani kilikuwa kinakosewa kila mara? Akacheka. Akasema, "Beringi." Nikamwambia endelea, nami nikawasha kinasa sauti. Ninyi wenyewe fanyeni hivyo: ongea kwenye simu yako dakika tatu kama unamsimulia rafiki, ndipo uandike. Mkono ukishika kalamu hujifanya karani. Mdomo haujui kujifanya.

Akanieleza hivi. Kuna beringi namba 6303 na nyingine 6204. Kwa nje zinalingana kabisa, kipenyo milimita 47, unene milimita 14. Tofauti iko kwenye tundu la katikati: moja ni milimita 17, nyingine 20. Zilikuwa zinakaa boksi moja. Fundi anachukua, anafika kwenye mashine, haingii, anarudi amekasirika. Jamani, mimi beringi sizijui, lakini hapo nilikaa vizuri kwenye kiti! Mtu huyu ana jambo kama hili kichwani, halafu anaandika "mbunifu".

Sasa twende polepole, hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuanguka. Ni hapa kwenye namba.

Kijana aliniambia, "Andika nimepunguza makosa kwa asilimia 90." Nikamwuliza, umehesabu? Kimya. Miaka ya nyuma niliandika kwenye barua yangu kwamba nimepunguza ucheleweshaji kwa asilimia 40. Ilipendeza macho. Kwenye usaili mama mmoja akaniuliza kwa upole tu, "40 ya ngapi?" Sikuwa na jibu. Jasho. Kwa hiyo namba usiyoweza kueleza imetoka daftari gani, usiiandike. Narudia: usiiandike, hata kama ni kweli kwa kukadiria. Kama hukuhesabu, andika kilichoonekana kwa macho: "mafundi waliacha kurudisha". Hilo hakuna atakayekubana nalo.

Yeye kwa bahati alikuwa na daftari la marejesho. Akalifungua: mwezi kabla hajatenganisha, beringi 11 zilirudi. Miezi miwili iliyofuata, 1. Tunaandika 11 na 1. Asilimia tunaiacha, kwa sababu 11 unaiona kichwani, asilimia huioni.

Aya mpya hii... ah, kamera imezima. Ee. Imerudi? Imerudi. Nasoma:

"Kwa miaka miwili nimetunza stoo ya vipuri. Nilipoingia, beringi 6303 na 6204 zilikaa boksi moja, kwa kuwa kwa nje zinalingana. Fundi alichukua, akafika kwenye mashine, haikuingia, akarudi. Nilizitenganisha rafu, na kwenye kadi ya kila moja nikaandika kwa kalamu nene upana wa tundu: 17, 20. Mwezi mmoja kabla ya hapo beringi 11 zilirudishwa. Miezi miwili iliyofuata ilirudi 1. Hiyo niliitoa mimi, kwa haraka, na tangu siku hiyo sitoi beringi kabla ya kusoma namba yake."

Sentensi ya mwisho tulibishana. Yeye alitaka tuifute, anaona aibu. Mimi nikamwambia hapo ndipo unaposikika wewe. Kosa dogo lililorekebishwa linaweza kukaa. Likigusa fedha iliyopotea au ugomvi na bosi, liache nyumbani. Na angalia, hakuna mahali tulipomsema mwajiri wa zamani kwamba alikuwa ovyo. Boksi ndilo lililokuwa na kosa.

Kuna kitu tulikigusa kidogo: yeye husema "haingii, anarudi". Tumegeuza nyakati zikae sawa kwenye maandishi, lakini ufupi wake tumeuacha. Ukiupaka rangi ukawa "jambo lililopelekea usumbufu mkubwa kwa watumiaji", umemwua.

Mwisho wa barua, "kampuni yenu tukufu" tumeibadilisha: "Tangazo lenu linataja vipuri vya pampu za aina nyingi. Ningependa kuanza na zile zinazofanana kwa nje." Sentensi mbili. Inatosha.

Halafu haraka haraka: tafuta jina la kampuni barua nzima usije ukaacha la ile uliyoiomba jana, angalia na jina la faili. Soma kwa sauti. Ukikwama kupumua, kata hapo.

Na tena, namba. Kabla hujatuma, weka kidole kwenye kila namba useme kwa sauti imetoka wapi. 11? Daftari la marejesho. 1? Daftari hilohilo. Miaka miwili? ... Hapa akaniambia ni mwaka mmoja na miezi tisa.

Tumebadilisha. Imetumwa.