Kisigino cha Asubuhi: Hatua Kumi na Moja Mpaka Bafuni

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu hamjambo. Samahani kwa mwanga, hapa Columbus ni saa kumi na nusu alfajiri na sijatoka hata kitandani. Nimeamua kurekodi kabla sijakanyaga chini, kwa sababu maumivu ya kisigino ninayotaka kuwaonyesha yanaonekana saa hii tu. Nikishatembea dakika kumi, yanapotea, na mtu yeyote atasema huyu mzima, anadeka.

Wiki iliyopita mama mdogo wangu amenipigia kutoka Morogoro. Anafundisha shule ya msingi, kutwa yuko wima mbele ya ubao, sakafu ya saruji, mguuni ndala ambazo ukiziinua juu unaona taa upande wa pili. Akaniambia, "Mwanangu, nikiamka nikikanyaga tu, kama nimekanyaga msumari. Nikishafika shule naona nafuu. Nikikaa mapumziko, nikiinuka, msumari uleule." Nikamwambia shikamoo mama mdogo, karibu chamani. Maana hayo maneno ndiyo niliyokuwa nasema mimi tangu mwezi wa pili.

Nyumbani watu walishampa majibu matatu. Mmoja kasema baridi ya sakafu, mwingine kasema gauti, acha nyama. Wa tatu kasema ana mwiba umeota kwenye mfupa, lazima ukatwe. Tuanze na kilichopo chini ya mguu, halafu hayo majibu mtayapima wenyewe.

Kaa, weka mguu mmoja juu ya goti la mwingine. Shika kidole gumba cha mguu, kivute kuelekea ugoko. Kwa mkono mwingine papasa katikati ya unyayo. Unasikia kamba imekaza, ngumu kama katani iliyovutwa? Na angalia ule upinde wa unyayo, umepanda juu wenyewe. Huo ni ukanda unaoanzia chini ya mfupa wa kisigino, upande wa ndani, unaenda mbele unatawanyika mpaka kwenye mashina ya vidole. Kazi yake ni kuushikilia ule upinde usianguke. Kila ukitembea, kisigino kinapoinuka na vidole vikibaki chini vimekunjika kuelekea juu, ukanda unavutwa kama kamba inayozungushwa kwenye roda ya kisima, na mguu unakuwa mgumu ili uweze kukusukuma mbele. Kila hatua, ndugu zangu. Siku nzima.

Sasa mimi, kama mnavyojua, nabeba boksi. Sio msemo, nabeba boksi kweli, kwenye ghala, saa kumi kwa zamu, sakafu ya zege. Nina miaka arobaini na tatu, na tangu nije huku nimeongezeka kilo kumi na nne, msiniulize vizuri. Umri huo, uzito huo, kusimama huko, na misuli ya shavu la mguu iliyokakamaa kwa sababu sijawahi kuinyoosha: hizo ndizo zinazouchosha ukanda. Misuli ya nyuma ikiwa imekaza, kisigino kinavutwa juu na ukanda unabeba mvutano uliozidi.

Unapochoka, nyuzi zake zinachanika kidogokidogo pale pale ulipojishikiza kwenye mfupa. Mwili unapeleka damu na maji kukarabati, panavimba, panauma. Hapo ndipo madaktari wanaposema ukanda umepata uvimbe wa ndani, na kipindi cha mwanzo ni kweli. Lakini fundi akipaka plasta, na wewe unapita unaibandua kila siku kabla haijakauka, ukuta unaishia kuwa na mabonge. Ndicho kinachotokea mguuni. Ukanda unanenepa, kutoka milimita kama tatu hadi kupita nne, na nyuzi zinapangika ovyo. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa nyama iliyotolewa kwa wagonjwa hamsini waliofanyiwa upasuaji wa kisigino. Hawakuona chembechembe za uvimbe walizozitarajia. Waliona ukanda uliochakaa. Kwa hiyo mtu mwenye maumivu ya miezi minane anayemeza diklofenaki kila siku anazima moto ambao ulishageuka majivu, huku figo na tumbo vinalipa. Mama mdogo, na presha yako ile, nakuomba uziache.

Na kwa nini asubuhi? Angalieni mguu wangu sasa hivi. Nimelala, vidole vimeelekea chini, kama mtu anayekanyaga breki. Usiku mzima ukanda umelegea, umejifupisha, na ukarabati umefanyika ukiwa katika ufupi huo. Halafu naamka, naweka kilo zote juu yake kwa sekunde moja. Unanyooshwa kwa nguvu, yale yaliyoshikana usiku yanaachana. Ukitembea kidogo unalainika, maumivu yanapungua, jioni yanarudi kwa uchovu. Ukikaa nusu saa na kuinuka, habari ni ileile, ndogo kidogo.

Haya, lile la mwiba. Nilipigwa picha ya eksirei na mwiba nikaonyeshwa. Nililia. Baadaye nikaelewa kwamba watu wengi wanao huo mwiba na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wengi wanaoumwa hawana. Picha inaonyesha mfupa tu, ukanda wenyewe hauonekani, kwa hiyo macho yanakimbilia kile kinachoonekana. Anayetaka kuupima unene wa ukanda anatumia altrasaundi, ila mara nyingi kidole kinatosha. Bonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani, mbele kidogo, pale mfupa unapoishia. Ukiruka, ndipo hapo.

Ikiuma kwingine, usinifuate mimi. Ukikibana kisigino kwa viganja vya mikono pembeni, kulia na kushoto, na ndivyo kinavyouma zaidi, na hata ukiwa umelala kinapiga, mfupa unaweza kuwa na ufa. Ukisikia ganzi au sindano sindano mpaka vidoleni, hiyo ni mishipa ya fahamu. Na nina mpwa wangu, miaka ishirini na nne, visigino vyote viwili, na mgongo unamkakamaa asubuhi mpaka saa tatu ndipo unaachia. Huyo nimemwambia aende hospitali, amtajie daktari mgongo na visigino kwa pamoja, maana kuna ugonjwa wa viungo unaoanza hivyo kwa vijana.

Mimi nilikosea wapi? Mwezi wa tano nilichomwa sindano ya steroidi kisiginoni. Jamani, wiki tano nilikuwa binti wa miaka kumi na sita. Nikachukua na zamu za ziada. Wiki ya sita kikarudi na hasira. Sindano hiyo inapunguza maumivu kwa muda mfupi, haikarabati ukanda, na ikirudiwarudiwa inaweza kuufanya ukatike au kuyasinyaza mafuta yanayokikinga kisigino. Tatizo langu ni kwamba nilikitumia kile kimya cha maumivu kubeba boksi zaidi.

Kilichonisaidia ni vitu viwili, na cha kwanza nakifanya sasa mkiangalia. Kabla ya kukanyaga. Mguu juu ya goti, nashika vidole vyote pale kwenye mashina, navivuta kuelekea ugoko mpaka ukanda ukaze. Nahesabu kumi. Naachia. Hivyo mara kumi, na narudia mara tatu kwa siku, ikiwemo kila baada ya kukaa muda mrefu. Lengo ni ukanda uanze kunyooshwa na mkono wangu taratibu kabla haujapokea mwili mzima.

Cha pili kinaonekana kichaa, kwa sababu unaumwa halafu unaambiwa ubebeshe mzigo. Watafiti wa Denmaki walichapisha utafiti wa zoezi hili mwaka 2014. Unasimama kwenye ngazi kwa mguu unaouma, kisigino kinaning'inia nje, chini ya vidole umeweka taulo iliyoviringishwa ili vidole vikae vimekunjika juu. Ndiyo ileile roda ya kisima niliyowaambia. Unapanda juu kwa sekunde tatu, unatulia mbili, unashuka kwa tatu. Kumi na mbili, pumzika, raundi tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Uwe na ukuta wa kushika. Baada ya wiki mbili unaongeza mzigo, unapunguza idadi iwe kumi, raundi nne. Wiki mbili nyingine, nane kwa raundi tano. Mimi mzigo wangu ni begi la mgongoni lenye mchele, kilo mbili, sasa limefika sita. Asiyeweza mguu mmoja aanze na miwili.

Kidogo kitauma ukifanya, hilo lisikutishe. Kinachotakiwa uangalie ni kesho yake asubuhi. Kama hatua za kwanza zimekuwa mbaya kuliko jana, umezidisha, punguza mchele. Katika utafiti ule, baada ya miezi mitatu waliobeba mzigo walikuwa na nafuu kubwa kuliko walionyoosha tu, lakini baada ya mwaka wote walilingana. Kwa hiyo hakuna muujiza, kuna kufika mapema. Wengi wanapona ndani ya mwaka bila kisu.

Viatu ndiyo pesa yangu ilipopotea. Nilitaka kutengenezewa soli maalumu za bei ya kodi ya nyumba. Kwa watu wengi za dukani zinasaidia sawasawa, na kwa mama mdogo kiatu chochote chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo kinaipita ndala. Kiwe pembeni ya kitanda, mguu ukishuka uingie humo, usikutane na saruji. Jioni naviringisha unyayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa, kwa raha tu, sidanganyi kwamba inatibu.

Haya, mikunjo kumi imetimia. Toka hapa mpaka mlango wa bafuni ni hatua kumi na moja, nimezihesabu miezi yote hii. Mwezi wa sita nilikuwa nazitembea zote kwa ncha za vidole, mkono ukutani. Nashika simu. Moja. Mbili. Ya tatu, hapo nimekisikia kidogo, upande wa ndani. Nne. Tano, kimya. Ngoja nikaoge, zamu inaanza saa kumi na mbili. Mama mdogo, leo jioni nipigie kwa video, uniwekee simu chini nikuone unavyobonyeza kisigino.