Geuza Mfuko: Kusoma Chakula cha Mbwa Kwenye Picha

Ndugu zangu, picha za chakula cha mbwa mnazoletewa kwa simu na wanaotaka ushauri karibu zote ni za upande wa mbele wa mfuko: mbwa mwenye manyoya ya kung'aa, mnofu mwekundu, sifa kwa herufi kubwa. Huko hamna kitu. Mwambieni mwenye mbwa ageuze mfuko, azime taa ya kamera kwa sababu plastiki ikimeremeta hufuta tarakimu, kisha apige karibu sehemu tatu: viambato, jedwali la virutubishi, na ile sentensi ya herufi ndogo inayotaja umri.

Tuseme yuko mtu Kisauni mwenye Jamani Shepadi dume wa miezi 3. Mfuko wake umetengenezwa kwa viwango vya AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa chakula cha wanyama, na sentensi inasema chakula kinafaa hatua zote za maisha. Wengi hukomea hapo. Someni mpaka nukta, kwani mwisho wake husema ama "pamoja na" ama "isipokuwa" ukuaji wa mbwa wakubwa, yaani watakaofika ratili 70, karibu kilo 32, wakikomaa. Shepadi dume hufika huko bila taabu. Mfuko huu unasema "isipokuwa".

Tatizo ni kalsiamu. Mbwa mzima akipewa nyingi, mwili wake hupunguza kuifyonza; mtoto bado hana uwezo huo, na ikizidi, mifupa ya mbwa mkubwa anayekua haraka huharibika, miguu ikapinda. Ndiyo maana kikomo cha kalsiamu kwa watoto wa mbwa wakubwa ni 1.8%, ilhali mbwa wengine wanaruhusiwa 2.5%. Asilimia hizo ni za chakula kikishatolewa maji, kwa hiyo msizilinganishe na jedwali moja kwa moja. Jedwali letu lina kalsiamu 1.9% na unyevu 10%. Kikavu ni 90%, basi 1.9 gawanya kwa 0.9: tunapata 2.1%. Imevuka kikomo cha 1.8%. Tena angalieni kama pameandikwa ni kiwango cha chini. Ikiwa hivyo, halisi yaweza kuwa juu zaidi.

Kwenye viambato, kuku ametangulia, kisha mahindi na mchele. Mwenye mbwa atafurahi, lakini orodha hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ya kuku ni maji kiasi cha 70%. Akishakaushwa, huenda mahindi yakamzidi. Hilo peke yake si kosa la kukataa mfuko. La kalsiamu ndilo.

Jibu letu: atafute chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, kile kinachosema "pamoja na", na abadilishe polepole kwa siku 7 hivi. Vidonge vya kalsiamu au unga wa mifupa asiongeze kabisa, hata akishauriwa na jirani.

Na kama chakula kilipimwa kwa kilo dukani kikatiwa kwenye mfuko mweupe usio na maandishi, msikikadirie kwa rangi ya punje. Mwenye duka apige picha ya gunia lenyewe, na tarehe ya mwisho ionekane.