K ya Kiini, L ya Leta: Swali la Protini Linalochanganya Watu

Haya, inarekodi? Inarekodi. Asalaam aleikum, hamjambo, karibuni tena hapa barazani kwetu Mombasa. Feni nimeizima ili karatasi zisipeperuke, kwa hiyo mkiniona natiririka jasho msinionee huruma, ni joto la kaskazi tu hilo.

Leo tunalo swali la protini. Vifaa ni vichache: bakuli moja la plastiki, karatasi mbili ndefu zilizokatwa kama utepe, kalamu, shanga za rangi mbalimbali na uzi wake. Shanga zangu nilinunua Marikiti, wewe tumia hata vifungo vya shati. Na kipande cha kartoni nilichokitoboa kidirisha. Upana wa kidirisha uoneshe herufi tatu tu, si nne, si mbili. Hicho kipande kitatusaidia sana, kiwekeni karibu.

Swali nalisoma. "Uzi wa DNA unaonakiliwa una mfuatano TAC CAC GTA GAC TGA GGA CTC CTC. Eleza jinsi mfuatano huu unavyotoa mnyororo wa asidi amino, ukitaja kila hatua inafanyika wapi." Sasa angalieni jibu ambalo naliona mara kwa mara kwenye tusheni. Nimeliandika hapa: "Transleisheni hufanyika kwenye kiini, ambapo mRNA hutengenezwa. Kisha transkripsheni hufanyika kwenye ribosomu, ambapo asidi amino huunganishwa."

Mnaona? Huyu anajua kazi yote. Ni kweli mRNA inatengenezwa kwenye kiini, ni kweli asidi amino zinaunganishwa kwenye ribosomu. Alichofanya ni kubadilisha vibandiko. Na mwenye kusahihisha hana namna, alama zinakwenda, kwa sababu swali limeuliza hatua gani iko wapi.

Ushauri wangu basi: usianze na jina. Anza na kinachotoka. Jiulize, mwisho wa hatua hii nimebaki na nini mkononi? Ukibaki na mRNA, hiyo ni transkripsheni. Ukibaki na mnyororo wa asidi amino, hiyo ni transleisheni. Jina ndilo lije baadaye.

Na jina lenyewe ulishike kwa sikio. Transkripsheni, isikilize, ina K. K ya kiini. Kwenye karatasi ya mtihani ile herufi wanaiandika C, lakini sauti yake ni K, wewe fuata sauti. Transleisheni ina L. L ya leta, kwa sababu huko ndiko tRNA inakoleta asidi amino moja moja mpaka kwenye ribosomu. Tena K hutangulia L kwenye alfabeti, na transkripsheni hutangulia transleisheni kwenye seli. Kuna watu hukariri mashairi marefu kwa jambo hili, mimi nimeridhika na herufi mbili.

Twende kazi. Bakuli hili ndilo kiini. Meza yote iliyobaki ni saitoplazimu. Utepe wa kwanza ni DNA, nimeuandika mfuatano wa swali, na nimeugundisha ndani ya bakuli kwa gundi. Makusudi. DNA ya kiini haitoki kwenda kwenye ribosomu. Mkiiona DNA yenu iko mezani, mmeharibu.

Ngoja. Ngoja kidogo... naona kwenye skrini maandishi yamegeuka. Ni hii kamera ya mbele, inageuza kama kioo. Sasa ile alama ya 3' niliyoiandika kushoto nyinyi mnaiona kulia. Hapana, hili siliachi hivihivi, kwa sababu upande ni muhimu. Nageuza simu. Subirini.

Haya, sasa sawa? 3' kushoto, 5' kulia. Kimeng'enya kinachonakili, RNA polimerasi, kinasoma DNA kuanzia 3' kwenda 5', na mRNA inajengwa kuanzia 5' kwenda 3'. Tukiweka DNA hivi, mRNA tunaiandika chini yake kutoka kushoto kwenda kulia kama kawaida, hatuhitaji kugeuza chochote kichwani.

Ndani ya bakuli, utepe wa pili. Palipo na T naandika A. Palipo na C naandika G, palipo na G naandika C. Palipo na A naandika U, siyo T, maana RNA haina T. Hiyo mnaijua, napita haraka. Tunapata:

AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG

Transkripsheni imekwisha, K, kiini. Utepe huu wa pili haukugundishwa. Nauinua, unapita ukingoni mwa bakuli, unatua mezani. Kwenye seli unapita kwenye vitundu vya utando wa kiini. Kabla ya kutoka hukatwakatwa vipande visivyohitajika na vilivyobaki huungwa, ila swali letu halijauliza hayo, tusijitafutie kazi.

Sasa kile kipande cha kartoni. Hiki ndicho ribosomu yetu. Nakiweka juu ya mRNA, kidirisha kinaonesha AUG. Herufi tatu, kodoni moja. Hapa ndipo mkae chonjo.

tRNA yenye antikodoni UAC inakuja, inaoana na AUG, na mgongoni imebeba methionini. Natia ushanga wa kwanza kwenye uzi. Nasogeza kidirisha: GUG. Sasa, jamani, kwenye chati ya kodoni unatafuta GUG. Unatafuta ile iliyo kwenye mRNA. HUTAFUTI antikodoni. Narudia, chati inasomwa kwa kodoni ya mRNA. GUG ni valini, ushanga wa pili.

CAU histidini. CUG leusini. ACU threonini. CCU prolini. Hizo zinakwenda zenyewe...

Samahanini, tuktuk limesimama hapo nje na honi yake. Limeondoka? Bado. Haya, sasa limeondoka.

GAG. Hapa nasimama. Kodoni ni GAG, kwa hiyo antikodoni ni CUC. Mwanafunzi akishaandika CUC, macho yake yanakimbilia CUC kwenye chati, anakuta leusini, anaandika leusini. Si leusini! GAG ni asidi ya glutamiki. Antikodoni ni ya tRNA kujishikiza kwenye mRNA, chati haikutengenezewa yenyewe. Mtu anayefanya hivi unamjua mara moja: mnyororo wake hauanzi na methionini. Ukitafuta UAC badala ya AUG unapata tairosini. Basi ukiona kodoni ya kwanza ni AUG na wewe umeandika tairosini, rudi, umesoma antikodoni. Nimeipiga kelele hii kwa sababu wale wale wanaoniambia "nimeelewa" ndio wanaoirudia.

GAG ya pili, asidi ya glutamiki tena. Shanga nane kwenye uzi. Hiyo ni transleisheni. L, leta, kwenye ribosomu, ndani ya saitoplazimu. Andikeni vyote viwili, ribosomu na saitoplazimu, gharama yake ni wino kidogo tu.

Mfuatano huu sikuubuni. Ndio mwanzo wa beta globini, sehemu ya hemoglobini ya damu yetu. Methionini ya mwanzo huondolewa baadaye, kwa hiyo hesabu inaanzia valini, na ile GAG ya kwanza inakuwa nafasi ya 6. Ndiyo nafasi ya seli mundu, ugonjwa tunaoujua sana huku Pwani. Kwenye DNA yetu ndani ya bakuli, CTC inakuwa CAC. Herufi moja. mRNA inatoka na GUG badala ya GAG, ribosomu inaweka valini badala ya asidi ya glutamiki. Mtihani ukiuliza kosa liko wapi, usiseme ribosomu imekosea. Ribosomu imesoma sawasawa kile ilicholetewa. Transkripsheni nayo imenakili sawasawa. Badiliko liko kwenye DNA.

Na damu hiyohiyo inatupa kumbukumbu ninayoipenda kuliko hata K na L. Seli nyekundu ya damu, ikikomaa kwenye uboho, inatupa kiini chake nje. Kinatoka kabisa. Lakini kwa muda wa siku moja mbili hivi, seli hiyo changa inaendelea kutengeneza hemoglobini. Kwa vipi, na kiini hakipo? Kwa sababu mRNA ilishatoka kabla, na ribosomu bado zipo kwenye saitoplazimu. Tazameni: naliondoa bakuli mezani, na DNA yake ndani. Bado nasogeza kidirisha, bado natia shanga. Ninachoshindwa ni kupata utepe mpya. mRNA na ribosomu zikishaisha, seli hiyo haitengenezi protini tena, inabaki kubeba oksijeni kwa takriban siku 120 za uhai wake. Mtu aliyeona bakuli likiondoka hawezi kuniandikia kwamba transleisheni iko kwenye kiini.

Mpaka wake tuujue. K ya kiini inafaa kwa seli zetu, za mimea, za kuvu. Swali likitaja bakteria, weka herufi zako pembeni. Bakteria hana kiini, hatua zote mbili ziko kwenye saitoplazimu, na ribosomu huanza kusoma mRNA hata kabla haijamaliza kunakiliwa. Kwa hiyo soma kwanza swali linazungumzia kiumbe gani.

Chati ya kodoni niliyoshika hapa ninayo kubwa, imewekewa plastiki, inauzwa. Ukiichora mwenyewe pia sawa, mimi sikasiriki, ila usisahau zile tatu za kusimamisha: UAA, UAG, UGA.

Fanyeni hili: TAC AAA CTC ATT, 3' kushoto. mRNA ni AUG UUU GAG UAA. Shanga zinatakiwa ziwe tatu, methionini, fenilalanini, asidi ya glutamiki. Ukiwa na nne, umetia ushanga kwa UAA. Ukiwa na tatu lakini wa mwisho ni leusini, basi hukunisikiliza pale kwenye CUC, rudisha video nyuma.